Shoti, yaani upungufu wa mzigo, kwenye ghala la mahindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kumchunguza mfanyakazi bila kumwita mwizi

Majibu haya yameandikwa kwa wenye maghala ya nafaka na maduka ya jumla wa Uyole, Mwanjelwa, Makambako, Mafinga na miji mingine ya Nyanda za Juu Kusini. Mfano mmoja wa ghala la mahindi unapita katika majibu mengi. Ni mfano wa kutungwa, ila hesabu zake ni za aina inayokutwa kila msimu.

## Kabla ya kumshuku mtu

Mzigo umepungua. Nianzie wapi?

Anzia kwenye mzigo, watu watafuata. Chagua jioni moja, simamisha kuingiza na kutoa, kisha pima upya kila kitu kilichomo. Wahesabu wawe wawili, na mmoja wao awe mtu asiyeshika stoo siku zote. Mtunza stoo awepo, aone mizani ikisoma, na aweke sahihi kwenye karatasi ya hesabu. Wenye mali wengi humtoa mtunza stoo nje ili "asiharibu ushahidi". Matokeo yake hesabu inakuwa ya upande mmoja, na baadaye atasema, kwa haki kabisa, kwamba hakuwepo.

Siku hiyohiyo piga picha za leja ya stoo, kitabu cha getini, nakala za risiti za EFD, miamala ya lipa namba na lile daftari la mali kauli linalokaa mezani. Karatasi zina tabia ya kupotea watu wakishasikia kuna shida. Wafanyakazi wakiuliza kuna nini, waambie mnahesabu mzigo. Ni kweli, na inatosha.

Mahindi yakipungua si ndiyo yameibiwa?

Mara nyingi sehemu kubwa ya upungufu ni maji yaliyokauka. Huku kwetu mahindi yanavunwa kuanzia Mei, na kwenye baridi ya Juni na Julai bado yana unyevu mwingi. Ukiyanunua kwa kilo wakati huo, umenunua na maji. Kufika Oktoba, jua na upepo vimeyanywa.

Tuchukue ghala la Uyole lililonunua kilo 40,000 kati ya Juni na Julai. Kipima unyevu kilisoma wastani wa asilimia 17. Mauzo yalianza Oktoba, mahindi yakiwa yameshuka hadi asilimia 13. Kufika Desemba yameuzwa magunia 225 ya kilo 100, yaani kilo 22,500. Hesabu ya jioni ile ikakuta kilo 14,860 zimebaki. Jumla ni 37,360, kwa hiyo kwenye karatasi hazionekani kilo 2,640. Ni magunia zaidi ya 26, na hapo ndipo mwenye mali anapoanza kutaja jina la mtu.

Sasa hesabu unyevu. Kinachobaki ghalani mahindi yakikauka ni mahindi makavu yaleyale, maji ndiyo yaliyopungua:

uzito mpya = uzito wa mwanzo × (100 − unyevu wa mwanzo) ÷ (100 − unyevu wa sasa)

Hapa ni 40,000 × 83 ÷ 87, sawa na kilo 38,161. Kukauka peke yake kumeondoa kilo 1,839. Upungufu unaohitaji maelezo si 2,640 tena, ni kilo 801.

Angalia kosa ambalo wengi hulifanya: wanatoa 13 kwenye 17, wanapata 4, wanakata asilimia 4 ya uzito. Hiyo ingetoa kilo 1,600 tu, na kilo 239 zingebaki shingoni mwa mtunza stoo bila sababu.

Sikupima unyevu wakati wa kununua. Nifanyeje?

Basi huwezi kumdai mtu kilo. Unaweza kudai vitu vinavyohesabika bila mizani: magunia kamili yaliyotoka bila risiti, au yaliyoandikwa kupokelewa na hayakuonekana. Msimu ujao pima kila lori linapoingia na andika namba hiyo kwenye hati ya kupokea mzigo.

Mbali na unyevu, ni nini kingine kinachofanana na wizi?

Turudi kwenye zile kilo 801. Kwenye leja kulikuwa na maandishi ya takataka zilizotolewa wakati wa kupepeta: kilo 120. Zikabaki 681. Mwenye mali mwenyewe alikumbuka, baada ya kuulizwa mara ya pili, kwamba alipeleka magunia mawili kwenye msiba Tukuyu bila kuandika popote. Zikabaki 481. Hili la mwenye mali na ndugu zake kuchukua bila kuandika lipo karibu kila mahali, na ni la kuulizwa mapema, hata kama linatia aibu.

Kisha mizani. Yakapimwa magunia kumi kati ya yale yaliyoshonwa tayari kuuzwa, wastani ukawa kilo 101. Kama magunia 225 yaliyouzwa yalijazwa hivyohivyo, wateja wamebeba kilo 225 za nyongeza. Hiyo ni kukadiria, nami ningeiandika kwenye ripoti kwamba ni makadirio, ila haiwezi kupuuzwa. Zikabaki kilo 256.

Kwenye maduka ya bidhaa za kawaida sababu ni nyingine: katoni imeingizwa kama kipande kimoja, mzigo umehamishiwa duka la pili bila hati, au gari la msambazaji limeshusha pungufu na aliyepokea akasaini bila kuhesabu. Hii ya mwisho inaangukia siku ya kupokea, kwa hiyo linganisha kwanza tarehe upungufu ulipoanza.

## Uchunguzi wenyewe

Nani achunguze?

Asiwe mtu anayenufaika mmoja akitoka. Msaidizi wa stoo anayeitaka nafasi ya mtunza stoo hafai, hata awe mwaminifu namna gani. Asiwe pia mtu atakayekuja kuamua kwenye kikao cha nidhamu, kama kitafikia huko. Kwa biashara ndogo, mhasibu wa nje anayekuja kufunga hesabu za mwezi anatosha kabisa.

Nitamuulizaje mfanyakazi bila kumtuhumu?

Uliza kuhusu tukio moja lenye tarehe na karatasi. Kwenye ghala letu, kulinganisha kitabu cha getini na risiti siku kwa siku kulitoa tarehe moja tu yenye tofauti: mlinzi aliandika pikapu imetoka na magunia 20, risiti ilikuwa ya magunia 18. Magunia mawili, kilo 200. Zile kilo 56 zilizobaki ni kumwagika na panya, mtu asiulizwe.

Mwite faragha, wakati wa kazi, mlango ukiwa haujafungwa kwa ufunguo. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mwanangu, napitia karatasi za mwezi wa kumi na moja. Hapa getini imeandikwa 20, kwenye risiti ni 18. Nisaidie kuelewa ilikuwaje siku hiyo."

"Mama, yule mteja alirudisha magunia mawili yana dumuzi. Nikambadilishia."

"Na yale yaliyorudi yalikwenda wapi?"

"Niliyauza chakula cha kuku."

Andika anavyosema, msomee, asaini akikubali kwamba ndivyo alivyosema. Usimuulize "kwa nini umeiba?" au "mlikuwa wangapi?" Swali la namna hiyo lina jibu ndani yake tayari, na mtu asiye na kosa hana pa kuanzia kulijibu.

Muulize pia mlinzi, kuli aliyepakia na keshia, kila mmoja peke yake, kwa swali lilelile. Mlinzi naye anaweza kuwa alihesabu vibaya.

Akishatoa maelezo, nayaamini?

Unayahakiki. Mteja alipigiwa simu akaulizwa kama aliwahi kurudisha magunia, bila kuambiwa kuna tatizo na nani. Akasema ndiyo, mawili, yalikuwa yanatoa unga. Kwa hiyo kubadilisha ni kweli. Swali lililobaki ni dogo na liko wazi: fedha za yale mahindi ya kuku ziko wapi? Hazikuonekana kwenye kitabu cha keshia wala kwenye lipa namba ya biashara.

Tulianza na magunia 26 yaliyopotea na mwizi mmoja kichwani. Sasa tuna magunia mawili yenye dumuzi, yenye thamani pungufu ya mahindi mazuri, na swali la fedha zake. Hilo ndilo linaloweza kuulizwa rasmi, na si zaidi ya hapo.

Naweza kuwapekua wafanyakazi wakitoka?

Kama upekuzi ni utaratibu ulioandikwa, unaojulikana na kila mtu tangu alipoajiriwa, na unamhusu kila anayetoka akiwemo meneja, sawa. Mwanamke apekuliwe na mwanamke. Kumchagua mmoja mbele ya wateja na kumwaga mkoba wake ni tuhuma ya hadharani hata kama hujatamka neno. Kumfungia mtu stoo mpaka "aseme ukweli" ni kosa la jinai, na hapo mwenye kesi utakuwa wewe.

Naweza kumsimamisha kazi wakati nachunguza?

Unaweza, tuhuma zikiwa nzito, lakini kwa mshahara kamili. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) zinasema hivyo. Mpe barua inayosema anasimamishwa kupisha uchunguzi. Ikiwa inatosha kumhamishia kazi nyingine kwa siku chache, asishike funguo wala leja, fanya hivyo. Inapunguza maneno.

Niwaambie nini wengine wanaouliza yuko wapi?

"Yuko nje ya kazi kwa muda, kwa sasa mzigo unapokelewa na fulani." Basi. Usiweke jina wala picha yake kwenye grupu la WhatsApp la wafanyabiashara eti wenzako wajihadhari. Ukweli ukija kuwa vingine, picha ile hairudi. Zaidi ya hapo, tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na kusambaza taarifa za mtumishi wako ni jambo unaloweza kuulizwa.

Kuna watu wananishauri niite mganga, au niwaapishe wote.

Ushauri huu haukosekani, hasa mwenye mali akiwa amechoka. Ramli itakupa jina bila tarehe wala gunia. Haihakikiki, haiwezi kusomwa kwenye kikao chochote, na yule aliyetajwa atabeba jina hilo mtaani na kijijini kwao. Serikali imekuwa ikikemea ramli chonganishi kwa sababu ya damu iliyomwagika kwa njia hiyo. Kiapo nacho kinawapima watu kwa woga wao: mtu mwoga asiye na kosa atatetemeka kuliko mwizi mzoefu.

## Kikao cha nidhamu

Ni wakati gani maswali yanageuka kuwa mashtaka?

Unapokuwa na tukio moja au mawili ambayo maelezo yake yamehakikiwa na hayajakaa sawa. Hapo unamwandikia barua, kwa lugha anayoielewa, ikitaja jambo lenyewe. Kwa ghala letu: "Tarehe fulani ulipokea magunia mawili yaliyorudishwa na mteja, ukayauza, na fedha hazikuingizwa kwenye vitabu. Unatakiwa kueleza." Usiandike "wizi wa magunia 26". Huna ushahidi nao, na ukishindwa kuuonyesha, hata hili dogo litaonekana la kusingizia.

Mpe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 na nakala za karatasi utakazotumia. Ana haki ya kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, kuwauliza mashahidi maswali, na kuleta wa kwake. Mwenyekiti wa kikao awe mtu mwenye mamlaka ambaye hakuhusika na tukio. Biashara ikiwa ni ya mtu mmoja na mke wake, tafuteni mtu wa nje mwenye busara na ujuzi wa biashara. Wewe toa maelezo kama mlalamikaji, usikae kiti cha kuamua.

Ushahidi unatakiwa uwe mkubwa kiasi gani?

Si ule wa mahakama ya jinai usioacha shaka. Kinachotazamwa ni kipi kina uwezekano mkubwa zaidi, kwa kuangalia ushahidi wa pande zote mbili. Ila mzigo wa kuthibitisha ni wako. Mfanyakazi kushindwa kueleza kila kilo iliyopungua haitoshi kuonyesha kwamba aliichukua.

Kwenye kikao chetu mtunza stoo alisema aliuza mahindi ya kuku kwa fedha taslimu na akawalipa makuli wa siku hiyo, kwa kuwa keshia alikuwa ameshaondoka. Makuli wawili walikubali kwamba walilipwa na yeye jioni ile, na kitabu cha keshia hakikuonyesha malipo yao ya siku hiyo. Kilichothibitika ni kuuza na kutumia fedha bila kuandika. Wizi haukuthibitika. Akapewa onyo la maandishi, na ghala likaanza kitabu cha mizigo iliyorudishwa. Kama makuli wangesema walilipwa na keshia, uamuzi ungekuwa mwingine kabisa, na ungesimama.

Utaratibu huu unawahusu makuli wa kutwa na wapya?

Masharti ya sheria ya ajira ya 2004 kuhusu kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu aliyefanya kazi kwako chini ya miezi 6. Kuwa mwangalifu tu na kuli "wa kutwa" anayekuja kila siku mwaka wa pili huu. Na hata kwa mpya, kumwita mwizi mbele za watu bado ni kumchafua.

Naweza kukata shoti kwenye mshahara?

Si kwa kukata tu mwisho wa mwezi. Lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake, umwandikie sababu, kiasi na ulivyokokotoa, na umpe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Ule mtindo wa kugawa shoti kwa wafanyakazi wote sawasawa unamkata asiye na kosa, na unampa mwenye kosa watu wa kumsaidia kulipa.

## Yanayotatanisha

Amekiri usiku huohuo nilipomuuliza. Kuna haja ya kuendelea?

Ipo. Mtu aliyezungukwa na watu watatu saa nne usiku anaweza kukiri chochote ili arudi nyumbani. Mwache akalale, kesho aandike mwenyewe kwa hiari, kisha linganisha na karatasi. Akikiri magunia kumi na wewe vitabu vyako vinaonyesha mawili, ujue kuna kitu hakijakaa sawa kwenye kukiri huko.

Ni mtoto wa kaka yangu. Naogopa kuvunja undugu.

Hapa hesabu inakusaidia kuliko pengine popote. Usianze kwa kumpigia simu kaka kijijini, maana tuhuma itakuwa imeshafika kwenye ukoo kabla mahindi hayajapimwa. Fuata hatua zilezile, na mwenyekiti wa kikao awe nje ya familia. Ndugu wakija baadaye, wakute karatasi.

Vivyo hivyo kwa mdhamini wake: usimwite mpaka kuwe na uamuzi.

Niende polisi moja kwa moja?

Ukimkuta mtu na gari linapakia usiku, nenda. Kwa upungufu wa kwenye vitabu, hesabu kwanza. Jambo ambalo wengi hawalijui: sheria ya ajira ya 2004 ilivyoandikwa ilimzuia mwajiri kumpa adhabu ya nidhamu mfanyakazi aliyeshtakiwa mahakamani kwa kosa hilohilo mpaka kesi na rufaa ziishe. Kwa hiyo kukimbilia polisi kunaweza kukufungia mlango wa kikao chako kwa muda mrefu. Zungumza na mwanasheria au afisa kazi wa mkoa kabla ya kuchagua njia.

Ameachishwa kazi na hakubali. Ataenda wapi?

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Huko utaulizwa mambo mawili: sababu yako ilikuwa halali, na utaratibu ulikuwa wa haki? Wapo waajiri walioshinda la kwanza na kushindwa la pili. Faili lako liwe na karatasi ya hesabu, maelezo yaliyosainiwa, barua ya wito na kumbukumbu za kikao.

Imeonekana hana kosa. Namrudishaje?

Kwa barua inayosema uchunguzi umefungwa na hakuna kosa lililoonekana, na kwa kumrudishia funguo zake mwenyewe mbele ya wenzake waliomwona akiondoka. Kama kuna mteja au mlinzi uliyemhoji, mwambie pia.

Hakuna kilichothibitika, lakini moyo wangu bado unamshuku.

Badili utaratibu kwa watu wote: anayeandika risiti asiwe anayetoa mzigo, getini pahesabiwe na watu wawili, mzigo upimwe kila mwisho wa mwezi, unyevu uandikwe. Kama kuna mtu anachukua, mwezi wa pili au wa tatu utaonyesha tarehe. Zamu za usiku, maneno ya pembeni na kazi ngumu za kumchosha ili aondoke mwenyewe usizitumie. Mtu aliyelazimika kuacha kazi kwa namna hiyo anaweza kwenda CMA na kuhesabiwa kama aliyeachishwa.